Kubana paniri isiyomeguka mchuzini: maelezo kwa wanaoanza kazi

Wengi wanaoanza kutengeneza paniri, ile jibini nyeupe ya Kihindi inayogandishwa kwa ndimu, huamini kwamba ugumu wake unatokana na uzito wa mawe yanayowekwa juu yake. Kwa hiyo mteja mwenye mgahawa hapa Tanga mjini akirudisha malalamiko kwamba vipande vimesambaratika kwenye mchuzi wa nazi, wao huongeza jiwe jingine, na kundi linalofuata hutoka likiwa kavu zaidi lakini bado linameguka. Ninavyoiona kazi hii, uzito ni jambo la tatu. La kwanza ni joto la chenga za maziwa zinapoingia kwenye kalibu, na la pili ni kiasi cha ndimu.

Yafaa kuelewa kwanza ni nini hasa kinachotokea ndani ya sufuria la mchuzi. Jibini nyingi zinazogandishwa kwa kimeng'enya huyeyuka zikipata moto, kwa kuwa protini zake zimeunganishwa na kalisi, na muungano huo hulegea joto linapopanda. Ndimu huiondoa sehemu kubwa ya kalisi hiyo na kuiacha kwenye maji yanayochujwa, na protini zilizobaki hushikana zenyewe kwa zenyewe kiasi kwamba moto huzikaza badala ya kuzilegeza. Kwa sababu hiyo paniri haiyeyuki. Ukiikuta imesambaa mchuzini, ujue imemeguka, yaani chenga zake hazikuungana zikawa kitu kimoja tangu ilipokuwa ikibanwa, na mchuzi umezitenganisha tu.

Tuchukue mfano wa lita 5 za maziwa ya ng'ombe chotara, kama yale yanayoletwa mjini kutoka Muheza au Pongwe. Yawe mabichi na yasiwe yameanza kuchachuka. Chemsha kikombe kimoja pembeni, na yakikatika yapeleke kwenye mtindi. Maziwa ya pakiti yanayokaa miezi kadhaa bila friji hayafai, kwa kuwa yamepitishwa kwenye moto mkali mno na chenga zake huwa laini na dhaifu. Jihadharini pia na maelekezo yaliyoandikwa India kwa maziwa ya nyati, ambayo yana mafuta na protini nyingi kuliko ya ng'ombe. Mkifuata vipimo vyake vya mazao mtadhani mmeibiwa. Lita 5 za maziwa ya ng'ombe yasiyotiwa maji hutoa takribani gramu 700 hadi 800 za paniri.

Pasha maziwa hadi nyuzi 90 za Selsiasi, ukikoroga hadi chini yasishike, kisha yaache kwenye joto hilo kwa dakika 5. Hatua hii huzifanya protini ambazo zingepotea na maji zishikamane na zile zinazoganda, nazo huongeza mazao na ulaini. Epua, ngoja joto lishuke hadi kama nyuzi 75, ndipo uanze kutia ndimu. Kipimajoto cha jikoni ndicho chombo cha kwanza cha kununua, kabla ya kalibu na kabla ya friji kubwa.

Kwa kazi ya kila siku napendelea ndimu ya unga kuliko ndimu za sokoni, kwa sababu ukali wa ndimu hubadilika kufuatana na msimu na hata kwa namna zilivyohifadhiwa. Yeyusha gramu 10 katika lita moja ya maji ya moto, kisha mimina kidogo kidogo huku ukisukuma mwiko polepole kutoka pembeni kwenda katikati. Hapa macho ni muhimu kuliko mizani. Maji yakiwa bado meupe kama tui jepesi, ndimu haijatosha. Yakigeuka kuwa maangavu yenye rangi ya manjano inayoelekea kijani, acha papo hapo, hata kama maji ya ndimu yamebaki kwenye jagi. Anayemimina yote kwa kuwa ameyapima hupata chenga ndogo, kavu, zenye kukwaruza kama mchanga, na chenga za namna hiyo hazishikani hata ukizibana usiku kucha. Kukoroga kwa nguvu nako huzivunja mapema na kuzipoteza kupitia kitambaa.

Acha chenga zitulie dakika 5, kisha mimina yote kwenye chujio lililotandikwa melimeli. Wapo wanaoziosha kwa maji ya bomba ili kuondoa uchachu, na wanaposhika chenga zisizounguza vidole huona raha. Raha hiyo ndiyo inayoharibu kazi. Chenga huungana zikiwa na joto la nyuzi 65 au zaidi. Zikipoa chini ya hapo hubaki punje zilizolala pamoja, zinazoonekana kuwa bamba zuri hadi zitakapoingia kwenye moto. Uchachu ukikusumbua, osha kwa maji ya moto sana, au bora zaidi, punguza ndimu kwenye kundi lijalo.

Kalibu inayotosha mfano wetu ni sanduku la chuma cha pua au la plastiki ya chakula, sentimita 15 kwa 15, lenye matundu chini na ubavuni, na lililosuuzwa kwa maji ya moto ili lisizipoze chenga. Ingiza kitambaa pamoja na chenga zake, zisambaze hadi pembeni haraka, kisha kunja ncha za kitambaa zikiwa zimenyooka. Mkunjo mmoja ukizama ndani ya bamba huacha ufa, na kipande kitakachokatwa hapo kitapasuka mchuzini kufuata ufa huo huo. Weka kibao kinachoenea, halafu jagi la maji la lita 3 kwa dakika 5, ili maji yatoke bila tabaka la juu kujifunga mapema. Baada ya hapo weka ndoo yenye lita 8 kwa dakika 25. Utapata bamba lenye unene wa sentimita 3 hivi. Ukiongeza muda sana, paniri huwa kama mpira na haipokei viungo.

Bamba likitoka huwa bado ni laini, na kulikata wakati huo ni kulichana. Litumbukize katika maji yaliyochemshwa, yakapozwa na kutiwa barafu, kwa saa 2 hadi 3. Kwa joto la Tanga, maji ya kawaida hayatoshi. Bamba hupoa nje tu na katikati hubaki legelege. Lipanguse, kisha kata kwa kisu kirefu kwa mkato mmoja, bila kukereza.

Kabla ya kumpelekea mteja, chukua vipande viwili vya sentimita 2, kimoja cha pembeni na kimoja cha katikati, viweke kwenye maji ya chumvi yanayotokota taratibu kwa dakika 10. Kipande kizuri huvimba kidogo, kingo zake hubaki kali, na kisu hukipasua bila punje kuanguka. Kikiacha chenga chini ya sufuria, angalia joto la wakati wa kujaza kalibu. Kikibaki kizima lakini kinabonyea kama uji mzito, maji hayakutoka ya kutosha au ndimu ilipungua. Kikiwa kigumu na kinalia kwenye meno, kimebanwa kupita kiasi.

Mwambieni pia mpishi avitie vipande mchuzi ukiwa umekwisha kuiva, dakika 5 hadi 7 kabla ya kuepua, na asiugeuze kwa mwiko bali aitikise sufuria. Akivikaanga kwanza, avitie kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi mara tu vinapotoka kwenye mafuta, ili ganda lake lisikakamae.