Kona ya msingi wa mnara inaponyanyuka: je, usanifu umeshindwa?

Swali: Mhandisi, salaam. Nasanifu msingi wa mnara wa simu wa mita 40 karibu na Ifakara, kwenye uwanda ambako masika maji hupanda hadi usawa wa ardhi. Mnara una uzito wa kN 80. Upepo wa juu kabisa, kabla ya kuzidishwa kwa kizidishi chochote, unaleta kwenye kichwa cha msingi nguvu ya mlalo ya kN 60 na momenti ya kN·m 1,500. Nimeweka bamba la zege la mita 6 kwa 6, unene mita 0.6, kitako chake kikiwa kina cha mita 2, na shina la mita 2 kwa 2 linalotokeza mita 0.2 juu ya ardhi. Usalama dhidi ya kupinduka ni 2.8, lakini programu inaonyesha kona moja haigusi udongo. Je, inaruhusiwa?

Jibu: Ndugu, hesabu yako ya 2.8 ni sahihi kwa udongo mkavu, na kona ile peke yake haiangushi usanifu. Tatizo lako liko kwenye maji, nami nitalifikia baada ya kueleza kona hiyo imetoka wapi.

Kwa zege la kN 24 na udongo wa kujazia wa kN 17 kwa kila mita ya ujazo, mzigo wote wima unafika kN 1,514. Momenti kwenye kitako ni 1,500 pamoja na 60 mara mita 2.2, yaani kN·m 1,632. Ukigawanya momenti kwa mzigo unapata mhamo, yaani umbali ambao tokeo la mizigo yote limesogea kutoka katikati ya msingi, nao hapa ni mita 1.08. Upepo ukivuma sambamba na upande wa msingi, udongo unabaki umeguswa wote maadamu mhamo hauzidi sehemu moja ya sita ya upana, ambayo kwako ni mita 1.0. Umepita kidogo tu, na ukanda unaoachia una upana wa sentimita 23.

Upepo ukivuma kwa mshazari mambo hubadilika, kwa sababu kikomo kwa uelekeo huo hushuka hadi mita 0.71. Ndiyo maana programu imekuonyesha kona: pembetatu yenye pande mbili za mita 2.3 inaachia udongo, takriban asilimia 7 ya eneo lote, na kona ya upande wa pili inabeba kN 109 kwa mita ya mraba, ilhali wastani wa msingi mzima ni 42. Wasanifu wengi hukagua uelekeo wa upande peke yake kwa kuwa fomula yake ni fupi. Kwa kitako cha mraba, mshazari ndio unaotawala mgandamizo wa juu kabisa, na haufai kurukwa.

Kuruhusiwa au kutoruhusiwa kunategemea upepo wenyewe huja mara ngapi. Kwa mitambo ya upepo, kiwango cha IEC 61400-6 hakikubali kuachia kokote kwa mizigo ya kawaida ya uendeshaji, ila kwa mzigo wa juu kabisa kinakubali kuachia kusikovuka katikati ya msingi. Sababu yake ni kwamba mtambo hutikisa msingi mamilioni ya mara: kitako kikinyanyuka na kushuka juu ya udongo wenye maji, husukuma maji nje pamoja na chembe laini, na udongo wa ukingoni huliwa taratibu hadi mnara unaanza kuyumba kuliko ulivyosanifiwa. Mnara wa simu hauna mzunguko wa namna hiyo. Upepo wake wa usanifu ni tukio la nadra. Kwa hiyo mimi hukubali mguso wa nusu ya kitako kwa upepo huo, ila nataka mguso kamili kwa upepo wa siku za kawaida.

Sasa maji. Yakifika usawa wa ardhi, udongo wa kujazia ulioloa utakuwa na kN 19 hivi, na uzito wote utapanda hadi 1,603. Lakini maji yanasukuma kitako juu kwa eneo la 36 mara kina cha 2 mara uzito wa maji wa 10, yaani kN 720, na kinachobaki ni kN 883. Mhamo unakuwa mita 1.85, mguso kwa uelekeo wa upande unabaki asilimia 58, na usalama wa kupinduka unashuka kutoka 2.8 hadi 1.62. Msanifu anayetumia kikomo cha zamani cha 1.5 angesaini hapo.

Mimi nisingesaini. Ukifuata utaratibu wa Yurokodi, yaani viwango vya usanifu vya Ulaya, uzito unaosaidia unazidishwa kwa 0.9 na upepo kwa 1.5, na maji yanatolewa baada ya uzito kupunguzwa. Unapata 1,443 kutoa 720, yaani kN 723, dhidi ya momenti ya kN·m 2,448. Mhamo ni mita 3.39, na nusu ya msingi wako ni mita 3: tokeo limetoka nje ya kitako kabisa. Kizidishi kimoja cha jumla, kama ile 1.62, huficha hali hii, kwa sababu kinauchukulia mzigo uliobaki kana kwamba una uhakika wote, ilhali ni tofauti ya namba mbili kubwa, na kosa dogo katika uzito linakuwa kosa kubwa katika tofauti hiyo.

Ukiongeza upana hadi mita 6.5, kwa unene na kina vilevile, hesabu ya kupinduka inapita: kN·m 2,693 dhidi ya 2,448. Usisimame hapo. Mhamo ni mita 2.96, na mzigo wote unabebwa na ukanda wenye upana fanisi, yaani upana unaochukuliwa kubeba mzigo sawasawa, wa mita 0.59, ambao ni kama kN 216 kwa mita ya mraba kwenye udongo uliolowa. Kwa mita 7 ukanda huo unakuwa mita 1.81 na mgandamizo unashuka hadi 75. Kwa upepo usiozidishwa, mguso kwa uelekeo wa upande unarudi asilimia 90 hivi. Bamba linaongezeka mita za ujazo 7.8 za zege, na ningezilipa bila kusita. Nondo zikaguliwe upya, zikiwamo za juu, kwa kuwa upande unaonyanyuka unabeba udongo wake kwa kuning’inia.

Kumbuka pia kwamba katika msingi wako wa awali, ukiwa mkavu, nusu ya uzito wote ni udongo wa kujazia. Michoro iseme wazi kwamba ushindiliwe kwa tabaka za sentimita 20 hivi na upimwe, na kwamba asiruhusiwe mtu kuchimba mtaro wa kebo juu ya bamba baadaye. Wakati wa ukaguzi wa masika, mwambie fundi atazame pale shina linapoingia ardhini: ufa unaozunguka shina, au tope laini lililotoka hapo baada ya upepo mkali, ni dalili kwamba kitako kinacheza.