Jentamaisini ya mtoto mchanga: namna ya kuhakiki jibu kabla ya kukusanya karatasi

Wadogo zangu mnaoanza uuguzi hapa Mtwara, pamoja na wenzenu wa Lindi, swali la dozi ya mtoto mchanga mtalikuta kwenye mtihani wa kuandika, mtalikuta kwenye vitendo, halafu siku moja mtalikuta wadini usiku, mtoto akiwa analia na mama yake anakutazama. Nimechukua jentamaisini kwa sababu pointi ikiteleza, namba inayobaki bado inafanana na jibu. Na dawa hii ikizidi inaumiza figo na masikio. Usikivu ukishapotea kwa njia hiyo, mara nyingi haurudi.

Tuchukue swali hili. Mtoto ana siku 3, uzito wake ni gramu 3200. Ameandikiwa miligramu 5 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Ampuli imeandikwa miligramu 80 katika mililita 2. Utavuta mililita ngapi?

Anza na uzito: gramu 3200 ni kilo 3.2. Ukijikuta umeandika 32, hiyo ni kilo za mtoto anayekwenda shule ya msingi kwa miguu yake, wala si wa siku 3. Dozi ni 5 × 3.2, yaani miligramu 16. Ampuli ina miligramu 40 katika kila mililita, kwa hiyo 16 ÷ 40 inakupa mililita 0.4.

Hapo wengi wanarudia hesabu ileile kwenye kikokotoo, wanapata jibu lilelile, wanasema wamehakiki. Ukipita njia ileile, kosa nalo linapita humo humo. Pita njia nyingine: sahau mililita kwanza, jiulize miligramu 16 ni sehemu gani ya ampuli yenye 80. Ni moja ya tano. Na moja ya tano ya mililita 2 ni 0.4. Aliyepata 4 angelazimika kuvunja ampuli mbili kwa mtoto wa siku 3, ampe miligramu 160, mara kumi ya dozi. Aliyepata 0.04 angevuta miligramu 1.6 tu, na maambukizi yangeendelea huku jalada likionyesha kwamba dawa imetolewa.

Njia hii ya sehemu ya ampuli naipenda zaidi pale dawa inapoongezwa maji. Mara nyingi kwa wachanga, ile ampuli ya mililita 2 huongezwa mililita 6 za maji ya sindano, zikawa 8, na kila mililita ikabaki na miligramu 10. Sasa 16 ÷ 10 ni mililita 1.6. Jibu limebadilika, lakini moja ya tano haijabadilika: moja ya tano ya 8 ni 1.6. Hatari iko kwa anayechanganya hesabu mbili. Akivuta 1.6 kabla ya kuongeza maji, ametoa miligramu 64, mara nne ya dozi. Akivuta 0.4 baada ya kuongeza maji, ametoa miligramu 4, robo ya dozi. Kwa hiyo ukiongeza maji, andika palepale kwenye bomba au chupa: miligramu 10 kwa mililita. Na kwenye karatasi ya mtihani andika hatua hiyo, msahihishaji aone umegawa kwa 10 kwa sababu gani.

Katika kuandika, weka sifuri mbele ya pointi: 0.4, kamwe usiandike .4, maana kalamu ikififia mtu anasoma 4. Nyuma ya namba kamili usiweke sifuri, 4.0 kwa haraka inasomeka 40.

Sasa mtoto aliyezaliwa na uzito pungufu, kilo 1.8, siku 2, ameandikiwa miligramu 3 kwa kilo. Dozi ni miligramu 5.4. Kwa dawa isiyoongezwa maji, 5.4 ÷ 40 ni 0.135. Ukikata desimali mapema ukaandika 0.1, umetoa miligramu 4, na zaidi ya robo ya dozi imepotea. Kwa dawa iliyoongezwa maji unapata 0.54, na bomba la mililita 1, lenye mistari ya 0.01, linaonyesha kipimo hicho bila kubahatisha.

Wadini, mwite muuguzi mwenzako ahakiki kabla hujachoma, ila usimtajie jibu lako. Mpe jalada, ampuli na uzito, akokotoe mwenyewe. Ukimwambia "ni pointi tano nne, eti?", atakuitikia tu. Mkitofautiana, sindano inabaki kwenye trei mpaka mjue nani aligawa kwa 40 na nani kwa 10.