Barua kwa mwanangu anayetembeza leso

"Mama, nimeanza kutembeza leso na madera huku Mtopanga. Niseme maneno gani mlangoni watu wasinifungie? Na unaonaje, niendelee au nirudi dukani?"

Mwanangu,

Maneno ya mlangoni ni machache na nitakupa. Lakini mimi naiwazia zaidi miguu yako. Mtu wa ndani huanza kukupima kwa pale uliposimama, hata kabla hujafungua kinywa.

Piga hodi kwa sauti ya kusikika, kisha ngoja. Usisimame katikati ya mlango. Simama ubavuni, bega lako lielekee ukutani, ili upepo ukiinua pazia usione kilichomo ndani. Ukipiga hodi mara tatu na kukawa kimya, nenda zako, kama ulivyofundishwa chuoni. Mara nyingi kuna mtu ndani anakutazama dirishani. Akikuona umeondoka bila kuchungulia wala kuita tena, wiki ya pili atafungua.

Akifungua, begi libaki limefungwa. Sema jina lako, unakaa upande gani, na nani wa karibu anakujua: mwenye duka la pembeni, au mwalimu wa madrasa. Kisha sema: "Natembeza leso, napita hapa kila Jumanne baada ya alasiri. Leo nimekuja kujulikana tu." Halafu kweli uende. Najua utaona umepoteza siku. Lakini Jumanne ya pili ukitokea saa ile ile, umeshatimiza ahadi moja, na hapo ndipo mtu anapouliza, "Umebeba zipi?" Mchana wakati wa kupika usipite, wala Ijumaa watu wakijiandaa kwenda msikitini. Na magharibi ikukute nyumbani.

Sasa nikwambie ninalokwambia tangu ukiwa mdogo: usivuke kizingiti. Hata ukikaribishwa kwa wema, hata jua likiwa kali. Hapa nabishana na nafsi yangu, maana kwetu kumkatalia mtu karibu yake ni kumvunjia heshima, na mimi nilivyolelewa sipendi kumuudhi mwenye nyumba. Ndiyo maana nyumba za Mji wa Kale zina baraza. Mwambie, "Ahsante dada, mimi hapa barazani pananitosha," uketi, uletewe chai yako hapo hapo. Huku kwenu nyumba nyingi hazina baraza, basi omba kigoda, uketi nje mbele ya mlango. Kikombe umekipokea na heshima yake umeilinda, ila mwili wako na mali yako viko mbele ya macho ya mtaa.

Ile nyumba ya Kibokoni unaikumbuka, yenye mlango wa nakshi, uliyokuwa ukinisubiria kwenye kivuli chake. Mama wa pale alikuwa mteja mzuri, na kila wiki akiniita ndani. Kila wiki nikakaa barazani. Siku moja ikapotea bangili ya dhahabu, na wifi yake akatoka uchochoroni akipaza sauti kwamba mwizi ni huyu mtembeza leso. Watu wakajaa. Nilimwaga begi langu lote pale barazani, pea kwa pea, nikakung'uta kila moja. Mikono yangu ilikuwa ikitetemeka. Ndipo yule bibi wa nyumba inayoelekeana nayo akasema kutoka dirishani kwake: "Huyu? Huyu namwona kila wiki. Kizingiti hicho hajakivuka hata siku moja."

Watu wakatawanyika. Bangili ilionekana baadaye ndani ya foronya. Wiki iliyofuata mama yule akanunua pea mbili bila kupatana bei, akanilipa taslimu, akaniuliza habari za watoto. Neno samahani halikutoka. Mpaka leo nikiwaza uchochoro ule moyo unanipanda. Mtu anaweza kununua mali yako yote na deni lake la maneno likabaki pale pale.

Utaniambia zamani si sasa. Ni kweli. Sasa kuna maghorofa, na ngazi haina jirani wa dirishani. Kwenye ghorofa jitambulishe kwanza kwa soja wa geti, mwambie unakwenda nyumba namba ngapi na utashuka baada ya muda gani. Mlango ukifunguliwa na mwanamume aliye peke yake, muulize, "Mama yupo?" Akisema "ingia umsubiri," jibu "nitarudi," huku umeshaanza kushuka. Usitoe maelezo, maelezo yanaleta mazungumzo. Beba pea chache tu, zilizobaki ziache kwa mwenye duka unayemwamini, na mtu mmoja nyumbani ajue leo uko mtaa gani. Pesa zisikae kwenye begi la mali.

Kwa M-Pesa, usitosheke na ujumbe anaokuonyesha kwenye simu yake. Ngoja wako, utazame umetoka kwa MPESA au kwa namba ya kawaida ya mtu, kisha uangalie salio. Fanya hivyo kwa kila mteja, hata rafiki, ndipo hakuna atakayehisi umemshuku.

Deni ndilo litakalokujengea wateja, na ndilo litakalokuangusha. Tuseme pea umeichukua kwa 450 kule Biashara Street, unaiuza 600. Faida ni 150. Ukimpa mtu bila kuanza na chochote naye akahama, umepoteza 450, yaani faida ya pea tatu nyingine imekwenda. Lakini akitoa 200 siku ya kwanza, akihama umepoteza 250, na asiyeweza kutoa hiyo 200 leo hataipata Jumanne. Kila nyumba iwe na ukurasa wake kwenye daftari, uandike mbele yake, naye aone wake peke yake. Pea ya pili isitoke ya kwanza haijaisha.

Na usibebe habari. Leso ina jina lake, na majina mengine ni ya kurushiana vijembe. Mtu akitaka umwambie jirani kanunua ipi, au nani anadaiwa, sema hujui, ufunue leso nyingine. Nimeona mtembezaji hodari, mwenye mali nzuri kuliko yangu, akifungiwa milango ya uchochoro mzima kwa sababu alimwambia mke mkubwa jina la leso aliyonunua mke mdogo. Mali yake haikuwa na kasoro yoyote.

Kuhusu kurudi dukani, sitaki kukuamulia, ingawa ulimi unaniwasha. Dukani kuna mshahara na paa. Lakini mshahara ule babako aliujua, na wewe uliona mwisho wa mwezi ulivyokuwa nyumbani. Tena huku nje nakuogopea, wewe ni mwanamke na giza linaingia mapema kuliko mtu anavyodhani. Halafu nakumbuka kwamba karo yako ilitoka kwenye begi lile, nanyamaza. Jipe mpaka mwisho wa Ramadhani, maana kabla ya Idi ndipo watu hununua. Baada ya hapo hesabu madeni yaliyorudi, usihesabu mauzo.

Niandikie ni nyumba zipi zinazokufungulia sasa, na kama yule mwenye duka amekubali kukuwekea mali. Kama hajakubali, nitapanda matatu Jumamosi nije nizungumze na mkewe.

Mamako