Ukiugua tetekuwanga, usimwandikie bosi "nina vipele"

Ilikuwa Jumapili ya tarehe 16 Machi 2025, naoga nyumbani hapa Nkuhungu, Dodoma, nikaona kipele chenye maji kifuani, kama tone la umande. Kufika jioni vilikuwa zaidi ya kumi: kifuani, mgongoni, na kimoja ndani ya nywele kinachowasha kuliko vyote. Mwanangu wa darasa la pili alikuwa ameugua tetekuwanga wiki mbili nyuma, na mama yangu ananiambia utotoni sikuwahi kuipata. Kwa hiyo nilijua kabisa kilichonipata.

Usiku huo homa imepanda, nikamwandikia meneja kwa simu: "Samahani bosi, kesho sitafika, nimetokwa na vipele mwili mzima, vinaambukiza." Nikalala.

Shida ni kwamba wiki hiyo hiyo Wizara ya Afya ilikuwa imetangaza wagonjwa wawili wa Mpox nchini. Nilivyoamka nilikuta simu nyingi ambazo hazikupokelewa. Meneja alikuwa ameutuma ujumbe wangu kwenye grupu la ofisi ili kuuliza wafanye nini, kiti changu kilikuwa kimetolewa nje kwenye jua, na mwenzangu mmoja alikuwa amekataa kuingia ndani. Sikuwalaumu. Neno "vipele" peke yake linabeba upele, surua, mzio, Mpox na mengine mengi, na msomaji mwenye hofu huchagua lile baya zaidi.

Asubuhi nilikwenda hospitali, nikakaa nje ya foleni na barakoa usoni baada ya kumwambia muuguzi pale mlangoni ninachohisi. Daktari alinivua shati akaangalia kwa makini. Alinionyesha kwamba kwenye kipande kimoja cha ngozi kulikuwa na vipele vya kila umri: vyekundu vinavyoanza, vyenye maji, na kimoja kilichoanza kukauka. Vimejaa kifuani na mgongoni, viganjani na nyayoni hakuna, na tezi za shingo hazijavimba. Ukijumlisha na mtoto aliyeugua nyumbani, akaandika tetekuwanga. Nikapewa dawa, losheni ya kalamini ya kupunguza muwasho, na ED, ile karatasi ya daktari ya kupumzishwa kazi, ya siku saba.

Kisha akaniambia jambo ambalo ndilo lililobadilisha barua pepe yangu: siku saba ni makadirio. Kinachoamua kurudi kazini ni vipele vyote kukauka na kufanya magamba, bila kipya kutoka. Na nilianza kuambukiza siku moja hadi mbili kabla ya kipele cha kwanza, maana yake Ijumaa nilipokuwa ofisini nazungumza na kila mtu.

Nilipofika nyumbani nikaandika hivi:

"YAH: Likizo ya ugonjwa kuanzia 17 hadi 23 Machi 2025

Ndugu Meneja,

Habari za kazi. Leo nimepimwa hospitali na daktari amethibitisha kuwa nina tetekuwanga. Siyo Mpox. Vipele vilianza Jumapili tarehe 16.

Daktari amenipumzisha siku saba; ED nimeiambatisha. Tarehe 22 nitarudi kwake anikague. Nitaripoti kazini tarehe 24 iwapo vipele vyote vitakuwa vimekauka. Ikiwa bado, nitakujulisha siku hiyo hiyo ya tarehe 22.

Kwa kuwa ugonjwa huu huambukiza siku moja hadi mbili kabla ya vipele, naomba wote niliokuwa nao Ijumaa tarehe 14 wajulishwe. Aliyewahi kuugua tetekuwanga kwa kawaida haugui tena. Ambaye hajawahi, aangalie dalili kati ya tarehe 24 Machi na 4 Aprili. Mjamzito ambaye hajawahi kuugua, au mwenye kinga dhaifu, amwone daktari mapema bila kusubiri vipele.

Funguo za stoo ziko kwa mlinzi. Natanguliza shukrani."

Tarehe hizo mbili sikuziokota. Tetekuwanga hujitokeza siku 10 hadi 21 baada ya kukutana na mgonjwa, kwa hiyo nilihesabu kutoka Ijumaa. Nimeona watu wanaandika tu "mjiangalie", na kila mtu anajikagua kwa siku mbili kisha anasahau. Wajawazito nao sikuwataja kwa jina hata kama namjua mmoja pale uhasibu. Hali yake ni siri yake. Alisoma, akaenda kliniki, akakumbuka na kumbukumbu ikathibitishwa na mama yake kwamba aliugua akiwa mdogo. Akarudi mezani kwake.

Picha za vipele usitume. Nilikaribia kutuma moja ya mgongo ili waniamini, nikashukuru baadaye kwamba mtandao ulikuwa chini. Picha inayotakiwa ni ya ED, iliyopigwa mchana, jina, tarehe na mhuri vikisomeka. Kwa sisi wa sekta binafsi karatasi hiyo ina pesa ndani yake: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Lakini usipowasilisha cheti cha daktari, mwajiri halazimiki kukulipa siku hizo.

Kwa shule nilikosea kinyume chake. Mwanangu alipougua nilimwambia mwalimu wake kwa mdomo tu kwamba "amepona", nikampeleka vipele vikiwa vimekauka vyote. Mwalimu akaona magamba meusi mashavuni, akamrudisha nyumbani saa tatu asubuhi na boda. Magamba makavu hayaambukizi, lakini mwalimu angejuaje? Jioni ile nilimwandikia yeye peke yake, siyo kwenye grupu la wazazi: "Mwalimu, shikamoo. Mtoto alikaguliwa na daktari jana. Vipele vyote vimekauka, hakuna kipya, na ameruhusiwa kurudi shule. Magamba na madoa yatabaki kwa muda lakini hayaambukizi. Karatasi ya daktari ataileta kesho kwenye daftari la mawasiliano." Akajibu "Marahaba, aje tu." Mtoto alikuwa amepoteza siku moja ya masomo kwa sentensi ambayo sikuiandika.

Kwangu mimi tarehe 22 ilifika, daktari akapitisha vidole kwenye nywele na kukuta viwili bado vina maji nyuma ya sikio. Mwili mzima mkavu, viwili tu! Nilitamani aviache vipite. Akaongeza siku mbili. Kwa kuwa barua ya kwanza ilishasema "iwapo", ya pili ilikuwa na mistari mitatu: nimekaguliwa leo, viwili havijakauka, ED mpya hii hapa, nitaripoti Jumatano tarehe 26. Meneja alijibu neno moja, "Sawa", na hakuna aliyepiga simu.

Jumanne jioni, baada ya kukaguliwa tena, nilituma ya mwisho na kuongeza kwamba watakaoniona wataona madoa meusi usoni, na kwamba daktari amesema ni makovu yanayofifia, hayana cha kuambukiza. Asubuhi nikapanda daladala na kofia. Kiti changu kilikuwa kimerudishwa ndani, kimefubaa upande mmoja kwa jua la Dodoma.