Mkasi uleule, kitambaa kilekile: sini ya mwisho niliyoiandika mara tatu

Wadogo zangu mnaoanza kuandika skripti, filamu fupi ya kwanza niliyoandika ilikuwa kurasa 12 tu lakini ukurasa wa mwisho ulinitesa kuliko ile 11 yote, na nawaeleza maana skripti nyingi mnazonitumia zina ugonjwa uleule. Mmeshasikia kwamba picha ya kwanza na ya mwisho zitazamane. Sawa. Ila mnachofanya ni kufananisha sura, yani filamu inaanza na jua linazama ufukweni, inaisha na jua linazama ufukweni, staringi kasimama palepale na upepo unampiga, na mimi nikimaliza kusoma sijui amebadilika nini zaidi ya shati.

Stori yangu ilikuwa ya fundi cherehani mtu mzima, tumwite Fundi Mshamu, na kijana anayejifunza kwake, Kassimu. Sini ya kwanza ni jioni ofisini kwa fundi, wanafunga. Fundi anachukua mkasi wake mkubwa wa kukatia, anaulaza juu ya kipande cha kanga kilichochakaa, anauviringisha mara tatu, anapiga fundo, anautia kwenye droo ya cherehani, anafunga na ufunguo na ufunguo anauvaa shingoni. Kassimu kakaa kizingitini anaangalia, anakula karanga. Hakuna anayeongea. Hapo umeshaelewa kila kitu, kwamba huyu mzee hamwachii mtu mkasi wake, na dogo anashona vifungo na kupinda pindo tu, kukata haruhusiwi. Sini nzima ni kama sekunde 40.

Sasa mwisho. Drafti ya kwanza niliandika fundi kapata ofisi kubwa, ina kioo na kibao cha kupakwa rangi, cherehani nne, na yeye anafunga mkasi kwenye droo mpya. Rafiki yangu anayeedit akasoma akaniambia, "Huyu katajirika, hajabadilika." Ikaniuma kweli maana nilikuwa najivunia kile kibao. Ila alikuwa sahihi, nilibadilisha mazingira ya mtu nikamwacha mtu mwenyewe kama nilivyomkuta. Kupata hela, kuolewa, kuhamia mjini, hayo yanamtokea mtu. Picha ya mwisho inatakiwa ionyeshe kitu anachokifanya yeye mwenyewe sasa, ambacho ukurasa wa kwanza asingekifanya hata umlipe.

Drafti ya pili nikakimbilia upande wa pili. Mkasi unaning'inia msumarini, Kassimu anakata kitambaa, fundi anamwambia "mwanangu, sasa nakuamini". Jamani. Ukishaona staringi anatamka kwa mdomo alichojifunza ujue picha yako haijabeba mzigo, ndo maana umeita maneno yaje kusaidia. Alafu kibaya zaidi nilikuwa nimeitupa ile picha ya mwanzo, hakuna tena kile kitambaa, hakuna lile fundo, kwa hiyo mtazamaji hana cha kulinganisha nacho.

Drafti ya tatu ilikuja nilipoacha kujiuliza "nibadilishe nini" nikaanza kujiuliza kitendo kilekile kingekuwa na maana gani nyingine. Kuviringisha kitu kwenye kitambaa ukapiga fundo, maana yake nini? Unaficha. Lakini si ndo hivyohivyo tunavyofunga na kitu cha kumpa mtu? Bibi akikupa kitu uende nacho mjini anakifunga hivihivi kwenye pembe ya kanga. Basi nikawa nimepata. Sini ya mwisho ni jioni, ofisi ileile, fundi analaza mkasi kwenye kanga ileile, mara tatu, fundo, na mtazamaji moyoni anasema haya, droo hiyo. Mkono unapita droo. Unauweka ule mzigo juu ya cherehani ya Kassimu, na ufunguo pembeni yake, mzee anachukua fimbo yake anaondoka.

Ona kilichobadilika kwenye kitendo ni kimoja tu, mkono ulipoishia. Vingine vyote nimeviacha kama vilivyo makusudi, maana usipomwonyesha mtu kwamba vitu tisa vipo vilevile hataona cha kumi. Nilitaka pia fundi awe kavaa miwani aliyokuwa anaikataa filamu nzima, na Kassimu asikae tena kizingitini akae kitini, dairekta akaniambia chagua kimoja, nikalalamika nikachagua mkasi.

Ila hiyo picha haisimami yenyewe, katikati lazima uiguse. Mimi niligusa mara moja, ukurasa wa 6, fundi anarudi kutoka kuswali adhuhuri anakuta Kassimu kashika mkasi anakata satini ya mteja. Anampokonya, anauviringisha palepale mchana kweupe kwa hasira, fundo linamshinda mikono inatetemeka. Hiyo inamkumbusha mtazamaji kile kitambaa na inaongeza kitu kipya, kwamba mzee anaogopa. Ukurasa wa 9 ndo tunajua anaogopa nini: macho yamekwisha, anakata kitenge cha mteja pasipotakiwa, na Kassimu anaunga kipande usiku bila kusema neno kwa mtu. Bila ukurasa wa 9 ule mkono hauna sababu ya kupita droo, ungekuwa huruma ya mwandishi tu. Ukigusa mara tatu nne nayo ni balaa, mtu anajua mwisho kabla hujafika.

Kwenye kushuti, sini zote mbili tulishuti siku moja. Kameramani alibandika gundi ya karatasi sakafuni kwenye miguu ya trepodi, lenzi ileile, urefu uleule, na tukapiga picha za simu za meza nzima, chaki ilipo, futi inavyoning'inia. Tulianza na sini ya MWISHO, kwa sababu mzee alitakiwa awe na ndevu, tukamaliza akanyoa ndo tukashuti ya mwanzo, kinyume chake haiwezekani. Tatizo lililotupata ni mwanga, tulichelewa kwenye kunyoa na sini ya mwanzo ikawa giza kidogo, na kwenye kuedit ikabidi tuvute ya mwisho ishuke ifanane nayo. Jipangieni muda wa kinyozi, nawaambia.

Mkitaka kujipima, chukua sini ya kwanza na ya mwisho peke yake, ondoa sauti, mwonyeshe mtu ambaye hajui stori. Mi nilimwonyesha dada mmoja tuliyepanga nyumba moja, anapepeta mchele, akaangalia akasema, "Mwanzo alikuwa anamnyima, sasa kamrithisha. Anaumwa huyo mzee?" Kuumwa sikuandika ila sikumkatalia. Mtu akikujibu "sijaona tofauti" usikimbilie kurekebisha ukurasa wa mwisho, mara nyingi kosa lipo ukurasa wa 1, hukuweka kasoro ya mtu ndani ya kitendo, uliweka picha nzuri tu.

Na kama staringi wako hakui, stori ya mtu anayeshindwa, rudia picha bila kubadilisha chochote, droo ifungwe vilevile. Baada ya yote tuliyoyaona, kile kilichokuwa ubahili mwanzo kinakuwa kaburi.

Kitu cha mwisho tulichobishana ni sekunde za kukata. Edita alitaka tumwone Kassimu anafungua kitambaa, anautoa mkasi, anatabasamu. Tulishuti na hiyo, ipo. Tukaikata pale kidole chake kinapogusa fundo.