Saruji iliyopigwa na unyevu

“Nafunga hesabu za duka la vifaa vya ujenzi. Mifuko 40 ya saruji imeingia unyevu. Niiache kwa bei niliyonunulia?”

Hapana. Linganisha gharama na thamani halisi ya mauzo, kisha chukua iliyo ndogo. Tuseme kila mfuko ulikufikia dukani kwa 15,000, usafiri ukiwemo. Sasa fundi anautaka kwa 11,000, na kuchekecha mabonge na kufungasha upya ni 1,500. Kinachobaki, yaani thamani halisi ya mauzo, ni 9,500. Hasara ni 5,500 kwa mfuko, jumla 220,000: debiti gharama ya mauzo, krediti stoku.

Ukiiacha kwa 15,000, faida ya mwaka huu inavimba, na hasara ambayo tayari imetokea inauangukia mwaka ujao.

Usiifidie kwa faida ya mabati. IAS 2, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa stoku, hutaka kila bidhaa, au kundi la zinazofanana, ipimwe peke yake. Vigae vilivyokaa miaka miwili bila mnunuzi navyo vipime hivyohivyo. Vumbi pekee halipunguzi thamani, bei ndiyo inayosema. Bei ikipanda baadaye, rudisha thamani, lakini isivuke gharama ya awali.