Kiwanja Kimeuzwa, Sasa Toa Makaratasi

Maswali ya leo yote ni ya kodi ya faida mtu anapouza ardhi iliyotumika kibiashara hapa Uganda. Ndiyo ninayoizungumzia hapa.

"Mzee, kampuni yetu imeuza yadi ya Mukono kwa milioni 190. Tuliinunua kwa milioni 80 mwaka 2019. Faida si milioni 110 basi?"

Ukipeleka hesabu hiyo kwa mamlaka ya mapato, URA, watapokea kodi yako bila kinyongo. Wewe ndiye utakayeumia.

Umeniandikia kwamba mlilipa ushuru wa stempu asilimia 1.5, yaani milioni 1.2, na wakili pamoja na mpima ardhi wakachukua milioni 2.8. Hizo ni gharama za kupata ardhi, zinaingia kwenye gharama ya msingi, ile inayotolewa kwenye bei ya mauzo. Ukuta mliojenga mara tu baada ya kununua, milioni 16, nao unaingia kwa sababu umeiboresha mali yenyewe. Gharama ya msingi sasa ni milioni 100.

Halafu kuna mfumuko wa bei, ambao wengi mnausahau. Tangu Julai 2021 sheria inaruhusu kupandisha gharama ya msingi kwa fahirisi ya bei ya ofisi ya takwimu, UBOS, ila si kwa mali iliyouzwa kabla ya kutimiza miezi 12. Chukua fahirisi ya mwezi uliotangulia mauzo, gawanya kwa ile ya mwezi uliotangulia ununuzi. Kwa mfano tu, tuseme ni 125 kwa 100: milioni 100 zinakuwa 125, na faida inabaki milioni 65. Namba halisi zitafute kwenye jedwali la UBOS, usinikili mimi.

Dalali na wakili wa kuuzia walikula milioni 7. Zitoe, zibaki 58. Kampuni inatozwa asilimia 30, yaani milioni 17.4. Kama mnunuzi aliwakata asilimia 6 ya bei ili aipeleke URA, milioni 11.4, daini hati ya makato hayo, kwa sababu yanapunguza deni lenu hadi milioni 6. Bila hati, jiandaeni kulipa mara mbili.

"Hela ya dalali naweza kuijumlisha kwenye bei ya kununulia ili nayo ipandishwe na fahirisi?"

Hapana. Dalali wa kuuza umemlipa leo, kwa shilingi ya leo. Inatolewa peke yake, mwishoni, kama gharama ya kupata mapato hayo.

"Tulipaka rangi mara mbili na kubadilisha mabati yaliyovuja. Yanaingia?"

Kama mliyatoa kama matengenezo kwenye mapato ya mwaka ule, hayarudi.

"Mwenye kibanja, aliyekuwa akikaa kwenye ardhi hiyo, tulimlipa milioni 9 ahame, taslimu. Risiti hakuna."

Kila mwezi napata barua hii, tofauti ni kiasi tu. Malipo ya kumwondoa mwenye kibanja ni gharama halali ya kuipata ardhi ikiwa huru, lakini afisa wa kodi haoni pesa, anaona karatasi. Mtafuteni mtu huyo kabla hajahama wilaya. Aandike kwamba alipokea, mkewe au mumewe asaini, majirani washuhudie, mwenyekiti wa kijiji, LC1, agonge muhuri. Safari nyingine lipeni kupitia benki.

"Mkataba wetu wa kweli ulikuwa milioni 80, ila kwenye fomu ya uhamisho tuliandika 40 kupunguza ushuru. URA wataikubali ipi?"

Ile mliyoisaini mbele ya serikali. Mkileta leo mkataba wa kabatini, mnakiri wenyewe kwamba mlidanganya ushuru wa stempu.

Tazama mlivyofaidi. Asilimia 1.5 ya milioni 40 mlizoficha ni shilingi 600,000. Sasa rudi kwenye yadi ya Mukono: ukipunguza milioni 40 kwenye gharama ya msingi, ukazipandisha kwa mfano wetu wa fahirisi, faida inaongezeka kwa milioni 50, na asilimia 30 yake ni milioni 15. Wakili aliyewashauri hivyo ameshakula ada yake na hatalipa hata shilingi. Na wewe unayenunua sasa, muuzaji akikubembeleza muandike bei ndogo, ujue anakuachia kodi yake uje uilipe wewe.

"Nimemuuzia mdogo wangu ploti ya duka milioni 20, bei ya kindugu. Ina thamani ya 70. Kodi ni kwa 20?"

Ni kwa 70. Mkiuziana kindugu, sheria inakuhesabia umepokea bei ya soko. Undugu wenu uoneshe kwenye masharti ya kulipa, si kwenye fomu.

"Baba alianzisha ghala kwenye kiwanja alichonunua 1991 kwa hela kidogo mno. Bado yu hai na anataka kuuza. Si faida yote itakuwa kodi?"

Mwambie mzee asiogope. Kwa mali ya biashara iliyonunuliwa kabla ya 31 Machi 1998, gharama ya msingi ni thamani ya soko ya siku hiyo, si bei ya 1991. Tafuteni mthamini aliyesajiliwa atakayeonesha viwanja vya jirani viliuzwa kwa kiasi gani wakati ule. Mfanye hivyo kabla ya kusaini mauzo.